Pale Nguzo Inapokubali Kulala Sawa

Nguzo ya umeme ya mti imelazwa juu ya lori, na kreni inashusha ndoano yake. Kibarua amepima kwa futi kamba: nguzo ina urefu wa mita 10, basi kamba ya kunyanyulia inafungwa kwenye mita ya 5, katikati barabara. Kreni inavuta. Badala ya kupanda ikiwa imelala sawa, nguzo inainamisha shina lake chini, ncha inapanda juu, na waliosimama karibu wanaruka pembeni. Inateremshwa. Kamba inasogezwa kidogo kuelekea shinani, inavutwa tena, na safari hii nguzo inaelea hewani kama mshale uliolala.

Aliyefunga kamba mara ya kwanza hakukosea kupima. Alipima urefu, na urefu ndio uliokuwa na katikati kwenye mita ya 5. Uzito ulikuwa na mahali pake pengine.

Nguzo nyingi za miti zinazosimamishwa Tanzania hutoka kwenye mashamba ya mikaratusi ya nyanda za juu kusini, Mufindi na maeneo ya jirani. Mkaratusi hukua ukiwa mnene chini na mwembamba juu, na kiwandani hauchongwi ukawa sawasawa kama bomba. Ndiyo maana nguzo ni mfano mzuri wa jambo ambalo wanafunzi wa kalkulasi hukutana nalo darasani kama fimbo ya kufikirika tu: fimbo ambayo uzito wake haukusambaa sawa. Maswali mawili huulizwa juu yake. Ina kilo ngapi? Na ukitaka kuisimamisha juu ya tegemeo moja tu, tegemeo liwekwe wapi?

Tuichukue nguzo moja na kuifuata hadi mwisho. Tuseme mtu amekata kipande kifupi kutoka shina la nguzo iliyokataliwa na kipande kingine kutoka nchani, akavipima, akakuta kwamba pale shinani kabisa mti una uzito wa kilo 36 kwa kila mita, na pale nchani kilo 16 kwa kila mita. Hilo neno “kwa kila mita” ndilo roho ya hesabu nzima. Wanafizikia huliita densiti ya mstari na kuliandika kwa herufi ya Kigiriki λ, lamda. Kwenye bomba la chuma λ ni namba moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye nguzo yetu inabadilika kila unapopiga hatua. Kutoka 36 hadi 16 kumepungua kilo 20 katika mita 10, kwa hiyo kwa makadirio ya kwanza tunasema kila mita unayosogea kutoka shinani λ inapungua kwa kilo 2. Umbali kutoka shinani tukiuita x, basi:

λ(x) = 36 − 2x

Ukiwa mita 3 kutoka shinani, λ ni 30. Hii haimaanishi kwamba hapo pana kilo 30. Mahali pamoja, penye unene wa ukucha, hapana kilo 30. Maana yake ni kwamba kama nguzo ingeendelea na unene huohuo wa mita ya 3 bila kupungua, kila mita yake ingekuwa na kilo 30. Ni kama mwendo wa gari: kisahani kikionyesha 80, hakisemi gari limekwishatembea kilomita 80, kinasema litafika kilomita 80 likishika mwendo huo kwa saa nzima.

Sasa uzito. Njia ya kwanza ni ya msumeno, hata kama msumeno wenyewe ni wa mawazoni. Katakata nguzo vipande 10 vya mita moja moja. Kipande cha kwanza kinaanza na λ ya 36 na kuishia na 34, kwa hiyo tunakipa 35. Kinachofuata 33, kisha 31, na kuendelea hivyo mpaka cha mwisho chenye 17. Jumlisha zote kumi: kilo 260.

Kalkulasi hufanya kazi hiyohiyo kwa msumeno mkali zaidi. Hukata vipande vyembamba kuliko karatasi, kila kimoja kikiwa na unene unaoandikwa dx na uzito wa λ(x) mara dx, kisha huvijumlisha vyote. Ile alama ndefu iliyopinda, ∫, ni herufi S iliyovutwa, nayo inasimamia neno la Kilatini la jumla, summa. Kwa nguzo yetu:

M = ∫₀¹⁰ (36 − 2x) dx = 360 − 100 = 260

Jibu limekuwa lilelile, kwa sababu λ inashuka kwa mstari ulionyooka na wastani wa kila kipande ulikuwa sahihi kabisa. Kungekuwa na mpindo, msumeno wa mita moja moja ungeacha kosa dogo, na ule mwembamba usingeacha.

Hapo ndipo ilipo nusu rahisi ya kazi. Mahali pa kufunga kamba panadai jambo moja zaidi.

Kila aliyewahi kutumia mtaimbo kung'oa jiwe anajua kwamba uzito peke yake hausemi kitu mpaka ujue uko mbali kiasi gani na tegemeo. Mtoto mdogo akikaa mwisho kabisa wa ubao unaolalia gogo, anaweza kumnyanyua mkubwa wake aliyekaa karibu na gogo. Kinachoshindana si kilo kwa kilo. Ni kilo mara umbali kwa kilo mara umbali, na zao hilo huitwa momenti. Kwa hiyo kila kipande cha nguzo kina mambo mawili ya kusema: uzito wake, na umbali wake kutoka pale tunapoanzia kupima. Kipande cha kwanza, chenye kilo 35, kiko wastani wa nusu mita kutoka shinani, hivyo momenti yake ni 17.5. Kipande cha mwisho kina kilo 17 tu, chini ya nusu ya kile cha kwanza, lakini kiko mita 9.5 kutoka shinani, na momenti yake ni 161.5. Chepesi kimemzidi mzito zaidi ya mara tisa kwa sababu ya mkono wake mrefu.

Ukijumlisha momenti za vipande vyote kumi unapata 1,135. Gawa kwa kilo 260: mita 4.365. Kwa msumeno mwembamba wa kalkulasi, kila λ(x) dx inazidishwa kwanza na x, yaani umbali wake, ndipo ijumlishwe:

∫₀¹⁰ x(36 − 2x) dx = 1,800 − 666.7 = 1,133.3

Gawa kwa 260, na mahali pa mizani panatokea mita 4.359 kutoka shinani. Vipande kumi vya kukadiria vilikuwa vimekosea kwa chini ya sentimita moja, kosa ambalo kamba yenyewe kwa unene wake inalimeza. Kutoka katikati ya urefu ni sentimita 64, na sentimita hizo 64 ndizo zilizoinamisha shina. Kama kamba ingebaki kwenye mita ya 5, mtu angelazimika kutundika mzigo wa zaidi ya kilo 33 kwenye ncha ili nguzo ilale sawa.

Sasa linakuja jambo ambalo huwapotosha hata watu waliofaulu mtihani wa mada hii. Waulize: ukikata nguzo kwa msumeno pale pale ilipokubali kulala sawa, vipande viwili vitakuwa na uzito sawa? Wengi husema ndiyo bila kusita, kwa kuwa macho yao yameona mizani imetulia. Si kweli. Kipande cha shina, chenye urefu wa mita 4.36, kina kilo 138. Kipande cha ncha, chenye urefu wa mita 5.64, kina kilo 122. Tofauti ni kilo 16, na hata hivyo nguzo ilitulia.

Ilitulia kwa sababu uzito wa kipande cha shina umejikusanya karibu zaidi na kamba. Kitovu chake kiko mita 2.28 kutoka kambani, na kitovu cha kipande cha ncha kiko mita 2.58. Zidisha 138 kwa 2.28, kisha 122 kwa 2.58, na pande zote mbili zinakaribia 314. Kilo zimetofautiana, momenti zimelingana. Anayetaka kuigawa nguzo kilo sawa kwa sawa, kwa mfano ili mikokoteni miwili ibebe mzigo mmoja, anatakiwa kukata mita 4.07 kutoka shinani, karibu sentimita 29 kabla ya kufika penye mizani. Hizo ni sehemu mbili tofauti za mti mmoja, na kwenye fimbo inayolingana pande zote hukutana.

Jikoni kuna njia ya kuliona hili bila hesabu. Chukua mwiko wa ugali na uulaze juu ya vidole viwili vya shahada, kimoja chini ya mpini na kingine chini ya ubapa. Sogeza vidole polepole vikaribiane. Havitasogea pamoja, kimoja kitateleza, kitakwama, kisha kingine kitateleza. Kidole kilicho karibu zaidi na kitovu cha uzito hubeba mzigo mkubwa, msuguano wake huwa mkubwa, nacho hukwama na kumwachia mwenzake nafasi. Zamu hizo huendelea mpaka vidole vikutane, na hukutania penye mizani kila mara, hata ukijitahidi kuvipeleka kwingine. Kwenye miko mingi hapo ni upande wa ubapa, si katikati ya urefu.

Archimedes wa Sirakusa, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, hakuwa na alama ya ∫, lakini jibu la nguzo yetu alilijua kwa umbo jingine. Katika kitabu chake kuhusu usawa wa maumbo bapa alithibitisha kilipo kitovu cha uzito cha pembetatu, na cha trapeza pia. Chora mchoro wa λ: mstari unaoanza juu kwenye 36 na kushuka taratibu hadi 16, mita 10 baadaye. Umbo lililo chini ya mstari huo ni trapeza, na pale trapeza ya kadibodi inaposimama kwenye ncha ya kalamu, nguzo nayo inasimama kwenye gogo, ukipima kwenye mhimili wa urefu. Kutokana na hilo inapatikana kanuni fupi ambayo fundi anaweza kuiandika nyuma ya pakiti ya misumari. Uzito kwa mita shinani ukiwa a, nchani ukiwa b, na urefu ukiwa L, umbali kutoka shinani ni:

(L ÷ 3) × (a + 2b) ÷ (a + b)

Weka 10, 36 na 16: theluthi ya 10, mara 68, gawa kwa 52. Inatoka 4.36.

Kanuni hiyo pia inatoa mpaka wa kukagulia majibu. Hata kama λ ingeshuka hadi sifuri nchani, mahali pa mizani pangekuwa theluthi ya urefu, mita 3.33. Mti unaochongoka hadi ncha kama karoti, ambao λ yake hushuka kwa mpindo, hufika robo, mita 2.5. Anayepata jibu la mita 2 kwa nguzo ya kawaida, au mita 6 kutoka shinani, ajue kuna kitu kimeharibika kabla hata hajarudia kukokotoa. Kosa la mara nyingi ni la upande wa kuanzia. Kanuni ya 36 − 2x inahesabu kutoka shinani, na jibu lake ni la kutoka shinani. Mtu akilipima jibu hilo kwa futi kamba kutoka nchani, kamba itakaa karibu mita 1.3 kutoka inapotakiwa, na nguzo itapiga mbizi vibaya kuliko hata angefunga katikati.

Lakini je, λ ya mti kweli hushuka kwa mstari ulionyooka? La. Kinachopungua kwa mstari, tena kwa kukadiria, ni kipenyo. Uzito unafuata eneo la mkato, na eneo linafuata kipenyo mara kipenyo. Nguzo yenye kipenyo cha sentimita 24 shinani na 16 nchani, ya mbao yenye kilo 800 kwa mita ya ujazo, ina λ ya karibu 36 na 16 kwenye miisho yake, lakini katikati ina 25 badala ya 26. Mstari umelegea kidogo kama kamba ya kuanikia nguo. Ukikokotoa kwa mpindo huo, uzito unakuwa kilo 255 badala ya 260, na mahali pa mizani ni mita 4.34 badala ya 4.36. Sentimita mbili. Kwa kazi ya kreni, kuhangaikia mpindo huo ni kupoteza muda.

Maji ndiyo ya kuhangaikia. Nguzo iliyolala chini wakati wa mvua, shina likiwa kwenye tope, hunywa maji upande mmoja. Tuseme mita 2 za shina zimeongezeka uzito kwa sehemu moja ya kumi. Hizo ni kama kilo 7 tu, lakini zimekaa mwisho kabisa, na mahali pa mizani panavutwa hadi mita 4.27. Unyevu mdogo umesogeza mizani sentimita 9, mara kadhaa zaidi ya kosa lote la umbo. Kanuni ya λ ni nzuri kwa kadiri ya namba ilizolishwa, na mti haukai na namba moja tangu masika hadi kiangazi.

Kwa hiyo mafundi makini hupima nguzo yenyewe, na kuna njia isiyohitaji mizani ya kubeba kilo 260. Laza shina juu ya gogo, kisha inua ncha kidogo tu kwa mizani ya kuning'iniza mpaka nguzo iwe sawa, na usome. Nguzo yetu ingeonyesha kilo 113. Geuza mambo: ncha juu ya gogo, mizani shinani. Ingeonyesha 147. Jumla ya masomo hayo mawili ni uzito wote, 260. Gawa 113 kwa 260, zidisha kwa urefu wa mita 10, na umerudi kwenye mita 4.35 au hapo karibu. Namba hizohizo zinaeleza pia kwa nini watu wanaobeba nguzo begani hawapangwi idadi sawa mbele na nyuma: waliokaa shinani wana kilo 34 zaidi ya wenzao.

Kuna uwanja mmoja ambako mahali pa mizani pa fimbo pameandikwa kwenye sheria, nao ni uwanja wa riadha. Tarehe 20 Julai 1984, mjini Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mkuki mita 104.80. Viwanja havikujengwa kwa umbali huo. Zaidi ya hapo, mikuki ya wakati ule ilikuwa na tabia ya kuelea na kutua ikiwa imelala, waamuzi wakabaki wakibishana kama ncha ndiyo iliyogusa kwanza. Shirikisho la riadha la dunia halikubadilisha uzito wa mkuki wa wanaume, gramu 800. Halikubadilisha urefu. Lilisogeza kitovu cha uzito mbele kwa sentimita 4, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwaka 1986.

Sentimita 4 zinasikika ndogo. Momenti inasema kazi yake: gramu 800 mara sentimita 4 ni 3,200. Kuzipata bila kuongeza hata gramu moja, mtengenezaji anaweza kutoa gramu 40 upande wa mkia na kuzipeleka sentimita 80 mbele. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya mkuki mzima, imebadilishiwa makazi tu. Hewa inayousukuma mkuki kwa chini sasa inasukuma zaidi nyuma ya kitovu cha uzito, mkia unanyanyuliwa, ncha inainama mapema na kuchoma ardhi. Rekodi zikaanza upya. Mkuki wa wanawake, wa gramu 600, ulirekebishwa vivyo hivyo mwaka 1999.

Leo mkuki wa wanaume lazima uwe na urefu kati ya mita 2.60 na 2.70, na kitovu chake cha uzito kiwe kati ya sentimita 90 na 106 kutoka nchani. Katikati ya urefu ni sentimita 130 au zaidi, kwa hiyo hata mkuki uliosogezwa nyuma kadiri sheria inavyoruhusu una mizani yake angalau sentimita 24 mbele ya katikati. Kamba ya kushikia hufungwa hapohapo kwenye kitovu. Ndipo vidole vya Mkenya Julius Yego vilipokuwa Beijing mwaka 2015, aliporusha mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia.